Kiherehere cha Moyo na cha Miguu

Wifi yangu, mke wa kaka yangu wa pekee, alikuwa na mikono ambayo sijapata kuona mfano wake, na mimi nimeona mikono mingi. Alitia uzi kwenye tundu la sindano jioni, taa haijawashwa, huku anabishana na kaka juu ya chumvi. Hata hakutazama. Uzi uliingia wenyewe kama mtoto anayejua njia ya kwao.

"Wifi, wewe una jini," nilimwambia.

"Ninalo, na linakula! Muulize kaka yako anayelilisha."

Ndivyo tulivyoishi, mimi na yeye, kwa kutupiana maneno. Yeye alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa duka. Alikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, na dirisha lililotazama barabarani ili aone nani anapita na gauni lililomkaa vibaya. Gauni baya lilimuuma kama jino.

Kilichonifanya nimwandike lakini si kushona. Mafundi wa kushona wapo. Wifi alikuwa na kipaji cha kufundisha. Wasichana walimjia kujifunza, akawa anawachukua mmoja mmoja. Alisimama nyuma ya msichana, mdomo karibu na sikio lake, akasema kwa sauti ya chini, "Usikivute. Uache kitambaa kiende chenyewe, wewe kiongoze tu, hujafunga ng'ombe." Msichana aliyeingia pale hajui kushika mkasi alitoka akiwa anashona suruali. Na tangu nimjue, wifi alikuwa na tamaa moja, aliyoitaja mara chache na kwa kuuma maneno: kusimama siku moja mbele ya darasa zima, awe mwalimu wa kweli.

Basi mwalimu wa ushonaji wa chuo cha ufundi, ng'ambo ya kituo cha mabasi, akahama na mumewe. Mkuu wa chuo alikuwa mwanamke aliyeshonewa na wifi kwa miaka. Akamwambia, "Fundi, njoo ufundishe somo moja la majaribio. Ukiwaweza, nafasi ni yako."

Wifi aliipokea habari hiyo kwa furaha, akashona gauni jipya la kijivu. Somo akaliandika lote kwenye karatasi, kwa mwandiko mzuri (ingawa wangu ulikuwa mzuri zaidi, na yeye alikubali). Kisha akafanya kosa ambalo fundi hodari tu ndiye angelifanya. Alipanga kuanza na kile anachokiweza kuliko vyote. Angeinua mikono juu ili darasa zima lione, atie uzi kwenye sindano bila kutazama, wanafunzi washangae, ndipo aanze kusema.

Nilimsindikiza nikibeba kapu la vitambaa, nikakaa kwenye kiti karibu na mlango wa nyuma. Darasa lilijaa wasichana, na wavulana wachache pembeni waliojifanya wamekuja kwa bahati mbaya. Mkuu alikaa mwisho, miwani puani.

Wifi akasimama. Kitu cha kwanza nilichosikia hakikuwa sauti yake. Ilikuwa karatasi. Ilikuwa inachakarisha mkononi mwake kama majani makavu kuku akipita. Akaiweka mezani haraka, akachukua sindano na uzi, akainua mikono juu.

Uzi ukapita kando ya tundu. Akaulowesha kwa mate, akajaribu tena, ukapita upande wa pili. Mikono ilikuwa inatetemeka, kila mmoja kwa mwendo wake, kama watu wawili wanaokutana njiani na kila mmoja anampisha mwenzake upande uleule. Akajaribu tena na tena. Msichana wa mbele akakohoa kikohozi ambacho si cha mafua.

"Samahanini," wifi akasema. Akaweka sindano chini, akapita katikati ya madawati, akanipita mimi na kapu langu, akatoka.

Mkuu alitufuata hadi getini. Simsahau kwa hilo, maana wengine wangekaa ofisini. "Fundi, mgeni ni mgeni," alisema. "Rudi baada ya wiki mbili. Lakini hiyo ndiyo ya mwisho, wanafunzi hawawezi kukaa bila mwalimu."

Nyumbani kaka alisema lile ambalo waume husema. "Mama watoto, si uachane nao? Kwani hapa umekosa nini?"

"Nimekosa kujua," wifi akamjibu.

"Kujua nini?"

"Mikono yangu imekwenda wapi leo."

Nilidhani atalia. Badala yake aliketi mbele ya cherehani, akanyoosha mkono wa kulia juu ya meza, akautazama kama mtu anayetazama nguo iliyorudishwa na mteja, kutafuta mshono ulioachia.

"Wifi, njoo uone. Unatetemeka?"

"Hautetemeki."

"Haya. Sasa ngoja." Akafumba macho. "Niko darasani. Wananitazama. Yule anakohoa."

Mkono ukaanza. Vidole kwanza, halafu kiganja, mbele ya macho yangu, ndani ya chumba ambacho hakikuwa na mtu ila mimi na yeye na kaka anayechokonoa meno.

"Kumbe hata hawahitaji kuwepo!" nikasema, tukacheka mpaka kaka akaondoka.

Tangu hapo likawa jambo la kupekua. Alijaribu kila kitu, na mimi nikawa shahidi. Alishika karatasi akafikiria darasa, na karatasi ikapiga kelele. Alishika sindano, ncha ikacheza. Kisha akashika mkasi wa kukatia, ule mkubwa wa chuma, mzito kama deni, akafikiria darasa tena. Mkono ulikuwa unatetemeka, aliusikia mwenyewe kwa ndani, lakini mimi sikuona kitu. Uzito wa chuma uliufunika.

"Tena nikikata?" akauliza. Akakata kitambaa kirefu, kraap, kraap, kwa mkono wote hadi begani. Alipofika mwisho akasimama. "Wifi, umepungua. Mkono ukipewa kazi kubwa unatulia."

"Na kichwa je?"

Hapo uso wake ukabadilika. "Kichwa ndicho kibaya zaidi. Unajua cherehani unapojaza bobini, kile kibiringo cha uzi wa chini? Unalegeza gurudumu, linazunguka kwa kasi, lakini sindano haishuki, haishoni hata tundu. Ndivyo akili yangu inavyokuwa. Inakimbia, haishoni."

"Inasema nini ikikimbia?"

"Mambo mengi sana!"

"Yataje."

Akaanza kutaja kwa sauti. Wataona mkono. Watacheka. Nitasahau. Mkuu atajuta kuniita. Wataona mkono... Akainua kidole. "Hilo nimeshasema."

"Endelea."

"Watacheka. Nitasahau." Akanitazama kwa mshangao. "Wifi, ni hayohayo! Yanazunguka tu!"

"Kama mbuzi wa jirani," nikasema. "Wako wanne, lakini wakipita dirishani mara kwa mara unadhani kundi."

Yale mawazo hayakuondoka kwa kutajwa, nisiwadanganye. Ila tangu hapo yakianza kukimbia aliyataja kwa jina, moja moja, na yakitajwa yalipunguza mwendo.

Siku ya mnada tulikwenda kumtafuta dalali. Hilo lilikuwa wazo langu, nami najivunia hadi leo. Nilimwambia, "Tukaulize kwa mtu anayekula kwa kusimama mbele za watu." Dalali wetu alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Aliuza vitanda, redio, baiskeli na masufuria ya watu waliohama, na watu walikwenda mnadani kumsikia tu. Tulimkuta kabla hajaanza, nyuma ya rundo la magodoro. Alikuwa amesimama peke yake, anapuliza hewa kwa midomo iliyobanwa.

"Dada zangu, bado hatujafungua," akasema.

"Hatununui," nikamwambia. "Tunauliza. Wewe unaogopa?"

Akatazama kulia na kushoto. "Nani kawaambia?"

"Hakuna. Tunataka kujua unafanyaje."

Akacheka, akatuonyesha kiganja. Kilikuwa na jasho, na vidole vilikuwa vinacheza kama vya wifi. Wifi alikishika kile kiganja kwa mikono miwili bila haya yoyote, akakigeuza na kukitazama pande zote.

"Kila mnada?" akauliza.

"Kila mnada. Nilipoanza nilidhani itaisha. Haiishi, ila huchoka. Nikishauza vitu viwili vya kwanza, mwili unaona hakuna simba, unaacha."

"Na hiyo ya kupuliza?"

"Aa, hiyo. Navuta hewa kidogo kwa pua, kisha natoa polepole, ndefu kuliko niliyovuta. Kama unapoza uji bila kuurusha. Ukivuta kwa pupa kifuani unazidisha moto. Ni ile ya kutoa ndiyo inayoushusha moyo." Akakanyaga ardhi kwa visigino. "Na hapa chini najua miguu yangu iko wapi. Mtu akiogopa anasahau kama ana miguu."

"Karatasi je? Unashika?"

"Karatasi!" Akajipiga mapajani. "Dada, karatasi ni mchongezi. Wewe unatetemeka kidogo, yenyewe inawatangazia wote. Mimi nashika nyundo. Na maneno ya kwanza nayajua kwa moyo, hata mkiniamsha usingizini. Ya katikati yatakuja yenyewe."

Wifi aliuliza la mwisho, lile lililomkera. "Lakini watu wanaona?"

"Wewe umeshakuja hapa mara ngapi?"

"Nyingi."

"Uliona?"

Wifi hakuwa ameona. Mimi pia sikuwa nimeona, na mimi naona vitu.

Akaanza mazoezi pale chumba cha mbele. Siku ya kwanza mimi peke yangu ndiye niliyekuwa darasa. Siku ya pili akamwita kaka, naye akakaa kwenye kigoda akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Mwalimu, naomba ruhusa nikajisaidie."

"Nenda, na usirudi."

Siku nyingine tukawaita majirani, mama anayeuza mkaa na binti zake, kisha yeyote aliyepita dirishani. Kila kundi lilipoongezeka ile mitetemo ilirudi, na kila alipokaa nayo bila kukimbia ikashuka. Aliipima kama mtu anayepima homa. "Leo imekuja kubwa, imeondoka mapema," aliniambia. Hakuwa anasikitika tena. Alikuwa na hamu ya kuona itafanya nini kesho.

Kitu kimoja kilibaki, nacho ni sindano. Somo la mara hii lilikuwa kukata na kushona foronya, na upindo wa mwisho ulikuwa wa mkono. Bila sindano hakuna somo.

"Tia uzi kama unavyotia siku zote," nikamwambia jioni moja. "Lakini polepole, nione."

"Sijui ninavyotia. Mikono ndiyo inayojua."

"Basi niache niiulize mikono."

Akatia. Nikamwambia arudie, akarudia. Mara ya tatu nikapiga ukelele. Mikono yake haikuwa imetengana! Ilikuwa imeegemeana chini, kwenye vifundo vya mikono, imepumzika juu ya tumbo lake, na ni vidole tu vilivyotembea. Darasani aliiinua juu, mmoja huku na mwingine kule, hewani, bila egemeo. Hakuwa amewahi kutia uzi namna ile maishani mwake. Alifanya hivyo ili waone vizuri.

Wifi alijaribu namna zote mbili, akifikiria darasa kwa makusudi ili mtetemo uje. Mikono ilipokuwa mbali, sindano ikienda kushoto uzi ulikwenda kulia. Ilipoegemeana ilitetemeka bado, lakini sindano na uzi vilikwenda pamoja, kama abiria wawili wa basi moja. Uzi ukaingia.

"Loo," akasema polepole. "Loo, wifi."

Asubuhi ya siku yenyewe nilifika kwao nikakuta ameshaamka, ameshavaa, ameshafunga kapu, amelifungua, amelifunga tena, anazunguka meza. Kaka alikuwa amejificha jikoni. Chai yake wifi alikuwa hajaimaliza. Aliacha nusu kwa makusudi, kwani chai ya rangi kali ilimwongezea mapigo, hilo nalo alikuwa ameshalipima.

"Wifi, keti!" nikamfokea. "Kiherehere kimekujaa asubuhi yote hii!"

Akasimama ghafla. "Kiherehere kipi? Cha moyo au cha miguu?"

Alisema kwa utani, lakini hakuna aliyecheka. Maana, mtoto akitaka kukimbilia harusini kabla ya wenyewe, tunamwambia ana kiherehere. Mtu akiogopa, moyo ukimpiga, tunasema ana kiherehere cha moyo. Neno ni moja. Nimelisema maisha yangu yote bila kuligeuza nione upande wa ndani.

Wifi aliweka kiganja kifuani. "Nilipokuwa mdogo," akasema, "mama alinishika sikio kwa kiherehere. Ngoma ikilia mtaa wa tatu, mimi niko mlangoni. Moyo ulikuwa unadunda hivihivi. Mikono hivihivi. Tumbo hivihivi. Na nilikuwa nataka kwenda."

"Na sasa?"

Akafikiri. Alifikiri kwa haki, hakuwa mtu wa kujidanganya. "Nataka kwenda," akasema. "Naogopa, na nataka kwenda. Sijui ipi ni ipi. Huu mwili unazipika kwenye sufuria moja."

"Basi uite kwa jina la lile unalolitaka."

"Nina kiherehere," wifi akasema, akijaribu sauti yake kama anayejaribu kiatu. "Baba watoto! Nina kiherehere!"

"Tunajua, mama watoto," kaka akajibu kutoka jikoni. "Mtaa mzima unajua."

Darasani nilikaa palepale, kando ya mlango. Niliona mabega yake yakishuka alipotoa pumzi, ndefu, ya kupoza uji. Niliona visigino vikikanyaga sakafu. Hakuwa na karatasi. Alichukua ule mkasi mkubwa.

"Mimi ni fundi," akasema, yale maneno aliyoyajua kwa moyo. "Leo tutakata foronya, na kabla hamjatoka humu kila mmoja atajua kuipinda." Sauti ilikuwa nyembamba mwanzoni, mimi niliijua, wao hawakuijua. Kisha akakata. Kraap, kraap, kitambaa chote kwa mikato mirefu, na kila mkato sauti ilishuka mahali pake. Alipofika mwisho wa kitambaa alikuwa tayari anamwambia mvulana wa pembeni, "Wewe uliyekuja kwa bahati mbaya, njoo unishikie ncha hii," na darasa likacheka, mara hii kicheko cha kawaida.

Ikafika sindano.

Niliona mkono umeanza. Moyo wangu mimi ulikwenda mbio kuliko wake, bila shaka. Msichana wa kikohozi alikuwa ameketi mbele vilevile, akainama mbele.

Wifi akainua mikono juu, imetengana, kama siku ile. Nikafumba macho. Nikasikia sauti yake.

"Tazameni. Mnaona ncha inavyocheza? Wiki ile mliona pia, mlidhani sijui kazi." Nikafumbua jicho moja. "Mikono yenu itacheza hivi siku mteja wa kwanza atakaposimama mbele yenu anasubiri. Ikicheza, msipigane nayo. Msiitenganishe." Akaishusha hadi kwenye tumbo, akaegemeza kifundo kwa kifundo. "Iacheni itetemeke pamoja."

Uzi ukaingia mara ya kwanza. Na alikuwa anawatazama wao, hakuwa anatazama sindano.

Darasa zima likachukua sindano. Alipita katikati ya madawati, akasimama nyuma ya mmoja, kisha nyuma ya mwingine, mdomo karibu na sikio, kama nyumbani. Yule msichana wa mbele alishindwa mara mbili. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka kuliko vya mwalimu, na sasa nikaelewa kikohozi chake cha siku ile kilikuwa cha woga, si cha dharau. Wifi akamshika vifundo akaviunganisha, akasubiri.

Mkuu hakusema mengi. Alivua miwani akamwambia, "Jumatatu, mwalimu." Wifi akageuka nyuma kutazama anayeambiwa.

Alifundisha pale mpaka nywele zikawa nyeupe. Kila mwanzo wa muhula, akiwa na darasa geni, nilipita kwao asubuhi nikamkuta anazunguka meza, kapu limefungwa limefunguliwa.

"Leo kipi, wifi?" nikamuuliza. "Cha moyo au cha miguu?"

Aliweka kiganja kifuani akasikiliza, kila mwaka, kama hajawahi kusikiliza kabla. "Ngoja kwanza," akasema. "Bado sijajua."